Bangi "ikimkataa" mtu: maswali tunayoulizwa Tabora kuhusu hofu ya ghafla baada ya bangi, enaji na kahawa

Mimi ni tabibu katika zahanati moja hapa Tabora mjini, upande wa stesheni. Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu waliokaa mbele ya meza yangu: vijana wa bodaboda, wakata tumbaku waliokuja mjini, na zaidi ya wote akina mama walioletewa mtoto anatetemeka usiku. Majibu mengi yanarudi kwa kijana mmoja niliyemhudumia. Jina lake simtaji, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.

Watu wanasema "bangi imemkataa." Ni ugonjwa gani huo?

Wanachokieleza ni hofu ya ghafla. Mtu yuko sawa, anacheka na wenzake, mara ndani ya dakika chache moyo unadunda mpaka anausikia masikioni, pumzi haimtoshi, mikono inakufa ganzi, na wazo moja linamshika: nakufa sasa hivi, au naingia wazimu na sitarudi. Kwa kawaida hofu hiyo hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hupungua, ingawa bangi inaweza kuifanya iende na kurudi kama mawimbi kwa saa kadhaa.

Msemo wa "kukataliwa" una ukweli ndani yake, kwa sababu kweli miili haifanani. Ubaya wake ni kwamba unamfanya kijana aone aibu, kana kwamba ni mdhaifu. Wapo wanaorudia kuvuta wiki inayofuata ili tu kuwaonyesha wenzao kwamba imewakubali, na hao huletwa kwetu mara ya pili wakiwa na hali mbaya kuliko ya kwanza.

Tuelezee kisa chenyewe. Kilianzaje?

Kijana wa miaka 22, dereva wa bodaboda. Ilikuwa Septemba, lile joto la Tabora kabla ya mvua. Alikuwa barabarani tangu alfajiri akisubiri abiria wa treni. Mchana hakula. Asubuhi alikunywa chupa moja ya enaji, saa tisa alasiri akaongeza ya pili, na magharibi akakaa na muuza kahawa akanywa vikombe vitatu vya kahawa chungu na kashata. Saa moja na nusu usiku wenzake wakawasha msokoto nyuma ya kibanda. Alikuwa amewahi kuvuta mara mbili tu maishani. Alivuta pafu tatu ndefu, kila moja akiishikilia kifuani kama alivyoelekezwa.

Alikuwa ameketi juu ya tofali. Baada ya dakika kama 10 pikipiki ya polisi ikapita barabarani, wote wakanyanyuka haraka. Hapo ndipo macho yakaingia giza. Akashika ukuta, akausikia moyo unapiga kama ngoma, akasema, "Jamani, mimi siko sawa." Wenzake wakacheka. Akaanza kuvuta pumzi kwa nguvu. Vidole vikaanza kuwasha, kisha vikajikunja ndani. Mmoja akammwagia ndoo ya maji, naye akakimbia mpaka kwao, kama mita 600.

Mama yake alimkuta amelala mlangoni, amelowa, macho yamemtoka. Akamleta kwetu saa mbili na robo usiku, kanga ya pili kamfunika mwanawe. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Dokta, mwanangu wamemchezea."

Vipimo vyake: mapigo ya moyo 128 kwa dakika, pumzi 34 kwa dakika, presha 142 kwa 88, joto 36.9, sukari 5.1, malaria hana. Alijua yuko wapi, alijua siku na jina la mama yake. Alinishika mkono akauliza, "Dokta, nakufa?"

Na kweli, moyo ukienda hivyo hauwezi kusimama?

Kwa kijana mwenye moyo mzima, kasi ile anaimudu. Akikimbia mita 600 bila bangi yoyote mapigo yake yatapita hapo, wala hataogopa, kwa sababu anajua ni mbio.

Bangi yenyewe inaharakisha moyo. Kemikali yake kuu, THC, inapoingia kwa moshi hufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache, na mapigo huongezeka, mara nyingi kwa 20 hadi 50 kwa dakika. Hali hiyo huweza kudumu saa mbili au tatu. Wakati huohuo inalegeza mishipa ya damu. Mtu akiwa amekaa hahisi kitu, lakini akisimama ghafla damu inabaki miguuni, ubongo unapungukiwa kidogo, na macho yanaingia giza. Ndicho kilichompata kijana wetu pikipiki ya polisi ilipopita. Angebaki amekaa kwenye tofali lake, pengine usiku ule ungekwisha kwa kicheko na njaa.

Ninaposema "moyo mzima" namaanisha hivyo. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotibiwa, hasa aliyevuka umri wa makamo, hapati faraja hii kwangu. Kwake bangi inaongeza hatari ya mishipa ya moyo kuziba, na saa ya kwanza baada ya kuvuta ndiyo mbaya zaidi.

Mbona wenzake walivuta msokoto uleule na wakabaki wanacheka?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote.

Anza na kipimo. THC kidogo huwatuliza watu wengi, THC nyingi huwatia hofu watu walewale. Watafiti wa Chicago walichapisha mwaka 2017 jaribio zuri: waliwapa watu wazima wenye afya vidonge vya THC kabla ya kuwaweka kwenye mahojiano ya kutia wasiwasi. Waliopewa miligramu 7.5 walisumbuka kidogo kuliko waliopewa kidonge kitupu. Waliopewa miligramu 12.5 walisumbuka zaidi. Tazama jinsi vipimo hivyo viwili vilivyo karibu. Kidonge kina kipimo kilichoandikwa. Msokoto wa nyuma ya kibanda hauna. Vichwa vya ua la mmea wa kike vina THC nyingi kuliko majani, na mbegu karibu hazina. Anayevuta hajui kapata nini mpaka kimeshafika kichwani.

Kwenye ubongo wetu kuna sehemu ndogo, yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala. Kazi yake ni kupiga kengele ya hatari. Mwili hutengeneza kemikali zake wenyewe zinazofanana na THC, na zinasaidia kuituliza kengele hiyo na kuizima hatari inapopita. THC ya moshi inaingia kwenye milango ileile, ila haiji kwa kipimo wala kwa wakati. Ikiwa kidogo inatuliza. Ikizidi inavuruga mpangilio wote, na kengele inalia bila moto. Mvutaji wa kila siku milango hiyo imeshapungua na kuzoea. Kijana wa mara ya tatu anaipokea yote.

Halafu kuna tafsiri, na hapa ndipo watu wanapoachana kabisa. Mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, mwaka 1986 alieleza kwamba hofu ya ghafla hukua pale mtu anapokipa kitu kinachotokea mwilini maana ya maangamizi. Moyo unadunda, wa kwanza anasema, "Leo mzigo mkali huu." Wa pili anasema, "Moyo unapasuka." Wazo la pili linamwaga adrenalini, adrenalini inauharakisha moyo, na moyo ukiharakishwa unalithibitisha lile wazo. Duara hilo halihitaji bangi zaidi, linajiendesha lenyewe. Bangi inalisaidia kwa njia nyingine pia, kwa sababu inanyoosha muda. Dakika tano anaziona nusu saa, kwa hiyo anaamini amekaa katika hatari kwa muda mrefu bila nafuu.

Wapo watu ambao tangu utotoni wanausikiliza sana mwili wao: kichefuchefu kidogo kinawashtua, moyo ukiruka pigo moja wanalala macho. Wengine wana mzazi au ndugu mwenye tatizo la hofu, na jambo hili hutembea katika familia. Nilipomuuliza kijana wetu kuhusu kwao, mama yake ndiye aliyejibu. Baba yake alifariki ghafla akiwa shambani, mkono umeshika kifua, mtoto akiwa na miaka 13. Sasa fikiria mtoto huyo moyo wake unapoanza kwenda mbio gizani. Kwake hisia hiyo tayari ilikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa kifo cha baba.

Na mwisho ni mahali. Kuvuta kwa kujificha, tumbo tupu, katikati ya watu watakaokucheka, polisi wakipita: kengele ilikuwa tayari inatafuta moto kabla ya pafu la kwanza.

Mimi nimevuta miaka mingi bila shida. Iweje inanishtua sasa?

Uliza kwanza kama ulipumzika. Mazoea ya ubongo kwa THC huanza kupungua ndani ya siku chache, na baada ya wiki nne hivi unakuwa karibu kama mgeni. Nimewaona wavutaji wa zamani walioacha mwezi mzima wa Ramadhani, halafu usiku wa Idi wakavuta kiasi kilekile cha Shaabani. Mikono ni ile ile, msokoto ni ule ule, lakini ubongo umebadilika.

Pengine mzigo ni wa shamba lingine na una nguvu zaidi. Pengine maisha yamebadilika: msiba, deni, kukosa usingizi. Na ikishakutia hofu mara moja, pafu linalofuata linaingia kwa mtu ambaye tayari amekaa chonjo.

Vidole vilivyojikunja vile si degedege?

Hapana, na nawaelewa wanaodhani hivyo kwa sababu kweli vinatisha kuvitazama. Kijana wetu mikono yake ilikuwa imekaa kama ya mtu anayelisha kuku punje moja moja: vidole vimenyooka, vimebanana kwenye ncha, kifundo kimepinda.

Ukipumua haraka na kwa kina bila kazi inayohitaji pumzi hizo, unatoa hewa ukaa nyingi kupita kiasi. Damu inabadilika kidogo ukali wake, kalsiamu inayotumiwa na mishipa ya fahamu inapungua, na matokeo yake ni ganzi midomoni, kuwashwa vidoleni, kisha misuli ya mikono kukaza. Hisia ya kukosa pumzi nayo inaongezeka, basi mtu anavuta pumzi zaidi. Mwenye degedege hakujibu ukimwita. Huyu alikuwa anatuomba msaada kwa sentensi kamili. Alipopunguza pumzi zake, vidole vilifunguka vyenyewe baada ya kama dakika 15, bila sindano.

Mfuko wa karatasi mdomoni usimpe. Kama tatizo ni pumu au mapafu, unamnyima hewa anayoihitaji.

Enaji na kahawa zinahusikaje? Si ni vitu halali?

Halali ndiyo, ila kafeini ni kichochezi cha kweli. Inaziba milango ya adenosini, kemikali ambayo kazi yake ni kuuambia mwili upumzike. Enaji nyingi zina takriban miligramu 30 za kafeini kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 300 ina karibu miligramu 90. Soma lebo, imeandikwa. Kijana wetu chupa mbili zilimpa kama 180, na juu yake kahawa chungu, ambayo kikombe ni kidogo lakini imechemshwa sana na haina lebo. Mtu mzima mwenye afya huambiwa asizidi 400 kwa siku. Huenda hakuvuka kiwango hicho. Lakini kafeini huchukua karibu saa tano kupungua nusu yake, kwa hiyo ile ya alasiri ilikuwa bado inafanya kazi bangi ilipoingia. Moja inaharakisha moyo, ya pili inaharakisha moyo, na tumbo halina kitu.

Kwa watu wenye maradhi ya hofu, kafeini peke yake inatosha. Imejaribiwa hospitalini: wapewe kafeini ya vikombe vitano hivi kwa mkupuo, karibu nusu yao hushikwa, wakati watu wengine hutetemeka kidogo tu. Ndiyo maana mtu akija kwangu na hofu zisizoeleweka, swali la kwanza ni kuhusu enaji, si kuhusu bangi. Dada anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango naye ajue kwamba kafeini hukaa mwilini mwake kwa muda mrefu zaidi, hata mara mbili.

Mirungi huku kwetu si mingi kama kaskazini, hufika na madereva wa masafa. Ina kathinoni, ndugu wa karibu wa amfetamini, na hofu yake huja zaidi mtu akikesha anatafuna. Tumbaku hapa Tabora kila mtu anaijua, ila wengi hawajui kwamba nikotini huingia hata kwa ngozi: anayevuna majani yenye umande au mvua bila kujikinga huweza kupata kizunguzungu, kutapika na moyo kwenda ovyo. Mkata tumbaku mmoja alikuja akiamini ana hofu za bangi, kumbe hakuwa amevuta kitu wiki nzima. Alikuwa amebeba majani mabichi mgongoni, shati limelowa.

Je, aliyeila badala ya kuivuta?

Huyo mwangalie kwa muda mrefu zaidi. Bangi iliyopikwa kwenye keki au chakula huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hadi saa mbili, na ini huibadilisha THC kuwa kitu chenye nguvu zaidi kichwani. Kosa la kila siku ni lilelile: anakula kipande, anasubiri dakika 40, anasema "hii haina kitu," anakula cha pili. Vyote viwili vinapanda pamoja. Hofu yake inaweza kwenda na kurudi saa sita, nane au zaidi. Mtoto mdogo aliyekula kwa bahati mbaya apelekwe hospitali mara moja hata kama amelala tu, maana kwa mtoto usingizi huo unaweza kupunguza pumzi.

Ndugu yangu ameshikwa sasa hivi. Nifanye nini?

Mkalishe au mlaze, asisimame. Ondoa watu, ondoa wanaocheka kabla ya wote. Zima muziki. Abaki mtu mmoja anayemwamini, aongee polepole.

Sema naye maneno ya kweli na mafupi. Usimwambie "huna kitu," kwa sababu moyo wake kweli unakimbia naye anajua unamdanganya. Mimi nilimwambia yule kijana, "Moyo wako unakimbia kwa sababu ya bangi na enaji. Nimeupima. Utapungua wenyewe. Mimi nipo hapa, siondoki." Nikarudia sentensi zilezile kila alipouliza, na aliuliza mara nyingi, kwa sababu bangi inasahaulisha na yeye alikuwa anasahau kwamba nimeshamjibu.

Kisha pumzi. Avute kwa pua taratibu, hesabu ya nne, atoe kwa mdomo kama anayepoza uji, hesabu ya sita. Usimwamuru, pumua naye, atakufuata. Asivute kifua kizima, pumzi ndogo zinatosha. Mama yake tulimpa kazi ya kuhesabu kwa sauti. Alihesabu Kinyamwezi, na nadhani hilo lilisaidia kuliko kitu chochote nilichofanya.

Saa mbili na nusu mapigo yalikuwa 118. Saa tatu kasoro tano yakawa 96. Alikunywa maji, akala ndizi mbili, akalala.

Maziwa, ndimu, maji baridi: vinaikata bangi?

Haviikati. Maziwa au maji kidogo kwa mtu mwenye fahamu timamu hayana neno, mdomo umemkauka na kunywa kunampa kitu cha kufanya. Lakini kumshika na kumnywesha kwa nguvu ni kumpalia. Kumwagia ndoo ya maji kunaongeza mshtuko kwa mtu aliyekwisha kushtuka. Kumfunga kamba, kumpiga makofi "azinduke", kumfukizia moshi chumbani: vyote hivyo nimeviona, na kila kimoja kilimthibitishia mgonjwa kwamba yuko hatarini. Usimpe pombe, wala usimpe valiamu ya jirani.

Wakati gani si hofu tu, tukimbilie hospitali?

Hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Kwenye hofu ya bangi mara nyingi utapata kati ya 100 na 140, na yanashuka polepole kadiri anavyotulia. Yakipita 150 hali amelala, yasishuke, au yaende bila mpangilio, usisubiri. Vivyo hivyo yakianza ghafla kama taa iliyowashwa na kuzimika ghafla, hiyo inaweza kuwa hitilafu ya umeme wa moyo na ina tiba yake.

Homa ni onyo kubwa. Bangi haileti joto la 39. Huku kwetu, mtu mwenye homa anayeongea ovyo ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo mpaka vipimo viseme vingine, na nasikitika kusema nimewahi kupokea kijana aliyekaa nyumbani siku mbili kwa sababu kila mtu alijua anavuta. Mwili wake ulikuwa unawaka. Apelekwe pia aliyezimia, aliyepata degedege, anayelalamika kifua kubanwa na maumivu yanayokwenda mkononi au kwenye taya, asiyejua yuko wapi, mwenye kisukari, mjamzito, na yeyote anayesema anataka kujiua.

Je, ndiyo ameingia wazimu?

Mwenye hofu ya ghafla anaogopa kuwa mwendawazimu, na uoga huo wenyewe ni dalili kwamba akili bado inajitazama. Anaomba msaada. Kesho yake anasema, "Jana niliogopa sana." Anayepoteza mwelekeo wa ukweli kwa kawaida haombi msaada wa namna hiyo. Ana uhakika kwamba majirani wamepanga kumuua, au anasikia sauti zinazomsema, na ukimuuliza kama huenda ni bangi anakasirika.

Bangi inaweza kuleta hali hiyo ya pili pia, na sipendi kuipunguza. Ikiwa sauti au shaka hizo zipo bado baada ya siku moja na bangi imeshatoka kichwani, mlete. Kwenye familia yenye mtu aliyewahi kuugua akili, mlete hata kabla.

Nikisema nimevuta, mtaniitia polisi?

Bangi imekatazwa, na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ni kali. Ila mimi nakuuliza ulichotumia ili nijue cha kutibu, na unachoniambia ni siri ya mgonjwa. Ukinificha, naweza kukutibu moyo usioumwa. Kijana wetu alisema "nilikunywa soda tu" mpaka mama yake alipotoka nje. Basi ukiona mtu anasita, mwombe mzazi atoke kidogo.

Nimeacha kabisa lakini hofu inarudi. Bangi bado imo mwilini?

Mabaki ya THC hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa wiki kadhaa na kipimo cha mkojo huweza kuyaona, lakini ni madogo mno kukushika kwa hofu. Kinachorudi ni fundisho ambalo ubongo ulijifunza usiku ule.

Kijana wetu alirudi baada ya wiki tatu. Hakuwa amegusa bangi wala enaji. Siku ya nne alipanda ngazi za jengo moja sokoni, moyo ukaenda mbio kama ilivyo kawaida ya ngazi, na mwili ukakumbuka. Akashikwa palepale. Tangu hapo hakupanda ngazi. Kisha akaacha kupita barabara ya kibanda kile, kisha akaacha kubeba abiria usiku, akabaki karibu na zahanati ili "ikitokea niwe jirani na nyie." Alijipima mapigo mara 20 kwa siku. Kila alipokwepa kitu alipata nafuu ya dakika chache, na kila nafuu ilimfundisha kwamba kile kitu kweli kilikuwa hatari.

Kama wewe ulikuwa mvutaji wa kila siku na umeacha juzi, hali yako ni nyingine. Wasiwasi, hasira na kukosa usingizi huanza siku ya kwanza au ya pili, hufikia ukali wiki ya kwanza, na kwa wengi hupungua baada ya wiki mbili hivi. Hiyo ni arosto ya bangi.

Inatibika? Yule kijana mlimfanyaje?

Inatibika, na dawa si lazima iwe ya kwanza. Tulimfundisha mwili upya. Kwenye chumba changu alikimbia papo hapo kwa dakika moja, mimi nikiangalia saa, kisha akakaa na kuusikiliza moyo bila kuupima na bila kupumua kwa hesabu. Aliogopa sana mara ya kwanza. Mara ya tano alisema kuusikiliza kumemchosha. Siku nyingine alizungushwa kwenye kiti mpaka kizunguzungu kikaja, na siku nyingine akapumua kwa mrija wa soda huku pua imebanwa. Kila hisia ya usiku ule tuliileta kwa makusudi, mchana, bila bangi, mpaka ikapoteza lile jina la kifo. Kabla ya hapo tulipima moyo wake vizuri kwa sababu ya habari ya baba yake, na ulikuwa mzima. Bila kipimo hicho nisingethubutu kumkimbiza.

Ngazi za sokoni alianza kwa kupanda ghorofa moja akiwa na kaka yake, kisha peke yake. Enaji aliacha kabisa, kahawa akabakiza kikombe kimoja asubuhi baada ya kula.

Kwa wale ambao mazoezi hayatoshi kuna dawa kama fluoksetini. Huanzwa kwa kiwango kidogo kwa sababu wiki ya kwanza inaweza kuzidisha wasiwasi, na nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi sita, kwa hiyo usiiache siku ya tano ukisema haifai. Valiamu inatuliza haraka lakini mwili unaizoea haraka pia, na nimekutana na watu walioacha bangi wakabaki watumwa wa kidonge.

Miezi mitatu baadaye alinibeba mwenyewe kutoka stesheni, saa nne usiku, mvua imetoka kunyesha. Tulipita barabara ya kile kibanda. Sikumuuliza kitu. Yeye ndiye aliyesema, bila kugeuka, "Dokta, unaenda mbio kidogo hapa. Nauacha tu uende." Akaongeza gia.